Dakika Zisizolipwa: Hesabu ya Kweli ya Hojaji za Mtandaoni

Kiwanda cha sabuni kikitaka kujua kwa nini akina mama wa mjini wameanza kununua pakiti ndogo badala ya kubwa, hakitumi mtu kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo hukabidhiwa kampuni ya utafiti wa soko. Kampuni nayo inatafuta, tuseme, wanawake 400 wa miaka 25 hadi 40, wakazi wa mjini, waliofua nguo kwa mikono yao wiki iliyopita. Wanawake hao haina mkononi, kwa hiyo inaingia kwenye soko la mtandaoni ambako tovuti zenye wanachama wengi huuza majibu, kila jibu kamili kwa bei yake. Tovuti ikishalipwa inakata chake, na kinachobaki ndicho kinachomfikia aliyejaza hojaji kwenye simu akiwa Kisumu au Tanga.

Mnyororo huo ukiuelewa, mambo mengi yanayowakera wajazaji huacha kuwa fumbo. Mwenye sabuni halipii muda wako wala bidii yako. Analipia jibu kamili la mtu anayemhitaji. Kama wewe ni mwanamume wa miaka 22 unayekaa bweni na nguo zako hufuliwa na mama jirani, hata ukijibu kwa uaminifu wa hali ya juu huna cha kumuuzia. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua hivyo mpaka ujibu maswali kadhaa, na dakika za kujibu maswali hayo zinatoka mfukoni mwako.

Ndiyo maana hojaji nyingi huanza na maswali ya kuchuja: umri, jinsia, mahali unapoishi, mapato ya nyumba, nani huamua ununuzi. Karibu kila mara kuna swali moja linalouliza kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anafanya kazi katika utangazaji, habari, utafiti wa soko au biashara inayohusu bidhaa ile. Wanaowekwa kando hapo huwa ni watu wanaojua mno mambo ya ndani, au wanaoweza kuvujisha siri kwa mshindani. Mwandishi wa habari anayejaza ukweli huishia mlangoni mara nyingi, na hilo nalifahamu vizuri kuliko ningependa.

Ukipita mchujo, kuna mgao. Wanawake 400 wanaweza kugawanywa: 200 wa jiji kubwa, 100 wa mji wa pili, 100 wa miji midogo. Kundi lako likijaa wakati uko katikati ya maswali, unatolewa, na ukurasa unakushukuru kwa muda wako. Baadhi ya tovuti hulipa senti mbili tatu za kifuta jasho kwa anayetolewa namna hiyo. Nyingi hazilipi kitu. Aliyetolewa dakika ya kwanza hana sababu ya kulalamika. Anayetolewa dakika ya kumi na moja, baada ya kueleza chapa zote za sabuni anazozikumbuka, ana haki ya kuudhika, kwa sababu hojaji iliyopangwa vizuri huweka maswali ya kuchuja mwanzoni. Tovuti ambayo wanachama wake hukatwa mwishoni mara kwa mara inapokea kazi zilizopangwa ovyo au haijali, na kwako wewe matokeo ni yale yale.

Kizingiti cha tatu ni ubora wa majibu. Mnunuzi ana hofu ya kweli. Aprili 2025 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kesi dhidi ya watu wanane waliohusishwa na kampuni mbili za utafiti, Op4G na Slice, wakidai kwamba wateja waliuziwa majibu ya kutungwa yenye thamani ya takriban dola milioni 10. Katika soko la namna hiyo kila hojaji huwa na mitego. Swali moja litakuamuru uchague jibu la tatu, ili ionekane kama unasoma. Mwaka wa kuzaliwa utaulizwa mwanzoni, kisha umri mwishoni. Anayemaliza hojaji ya dakika 15 kwa dakika 4, au anayebonyeza safu moja kutoka juu hadi chini, jibu lake hutupwa. Utupaji huu unaweza kufanyika wiki kadhaa baadaye, mteja anapokagua data yake, na hapo salio ulilokuwa ukiliona kwenye akaunti hupungua bila maelezo marefu.

Sasa tuziweke dakika hizo kwenye mizani. Mfano ninaoutoa ni wa kubuni, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi hii jioni moja atautambua. Mwanafunzi wa chuo mjini Mombasa anafungua tovuti ya hojaji saa mbili usiku. Anaingia kwenye hojaji saba. Nne zinamchuja mapema, baada ya dakika 3, 4, 2 na 6. Ya tano inamkata dakika ya 11 kwa sababu mgao umejaa. Mbili anazimaliza: moja iliyotangazwa kuwa ya dakika 15 inamchukua 18 na kumlipa senti 60 za dola, nyingine inamchukua 22 na kumlipa senti 75. Ongeza dakika 14 za kusubiri kurasa zifunguke, kuchagua hojaji na kuthibitisha kwamba yeye ni binadamu kwa kubonyeza picha za taa za barabarani.

Jumla ni dakika 80 na dola 1 na senti 35. Kwa hesabu ya saa, ni kama dola moja, takriban shilingi 130 za Kenya. Dakika zilizolipwa ni 40, nusu ya muda wote. Tangazo la tovuti, likihesabu hojaji zile mbili peke yake tena kwa muda uliotangazwa, lingesema kwamba analipwa zaidi ya dola 2 kwa saa, na lisingekuwa limedanganya kwa neno hata moja. Wiki mbili baadaye ile ya senti 60 inakataliwa kwenye ukaguzi. Jioni nzima inabaki na senti 75, chini ya shilingi 100. Hapo bando la intaneti bado halijakatwa, na hojaji zenye picha na video hula bando kwelikweli.

Kima cha chini cha kutoa pesa kikiwa dola 10, mwanafunzi huyu anahitaji jioni nane za bahati ya kwanza, au kumi na nne za bahati ya pili, kabla hajaiona shilingi yake ya kwanza. Na hapa kuna jambo ambalo wageni hawalitarajii: jioni hazifanani. Akaunti mpya hupewa hojaji nyingi wiki za mwanzo, zikiwemo zile fupi za kujaza wasifu ambazo zina uhakika wa kulipwa. Baada ya hapo wingi hushuka, hasa kwa wakazi wa Afrika Mashariki, kwa sababu wateja wakubwa wa utafiti huu wanauza bidhaa zao Marekani na Ulaya na hutaka maoni ya wanunuzi wa huko. Mtu huona dola 4 wiki ya kwanza, anapiga hesabu ya dola 16 kwa mwezi, kisha anakwama kwenye dola 7 kwa miezi.

Pengo hilo la nchi ndilo linalozaa biashara ya kuuziana akaunti za Marekani na matumizi ya VPN ya kuficha mahali ulipo. Sitaingia katika maadili yake. Itoshe kusema kwamba haina faida. Tovuti hukagua zaidi wakati wa kulipa kuliko wakati wa kujaza. Anwani ya intaneti, lugha ya simu, saa za eneo, namba ya simu na jina kwenye akaunti ya malipo visipolingana, akaunti hufungwa ikiwa na salio lake ndani. Aliyekuuzia akaunti hiyo kwa shilingi elfu kadhaa alishalipwa. Wewe ndiye utakayegombana na kitengo cha huduma kwa wateja, ukitetea jina lisilo lako.

Njia ya pesa nayo iangaliwe kabla ya swali la kwanza, si siku ya kutoa. Tovuti nyingi za nje hulipa kwa PayPal au kadi za zawadi. Mkenya ana unafuu, kwani tangu mwaka 2018 kuna huduma inayounganisha PayPal na M-Pesa, ingawa kiwango cha kubadilishia dola huwa chini kidogo ya kile unachokiona kwenye habari. Mtanzania ahakikishe kwanza kama akaunti yake ya PayPal inaruhusiwa kupokea pesa, maana kwa miaka mingi akaunti za huko zimekuwa za kulipia tu. Kadi ya zawadi ya duka lisilosafirisha mizigo hadi Dodoma ni karatasi. Zipo pia kampuni zilizozoea mazingira yetu. GeoPoll, kwa mfano, kwa muda mrefu imefanya utafiti kwa ujumbe mfupi wa simu katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Kongo, na huwashukuru wanaojibu kwa muda wa maongezi. Kiasi ni kidogo na maswali hayaji kila siku, lakini hakuna bando linaloliwa na hakuna kima cha kusubiri miezi.

Kazi ndogondogo, zile za kuweka alama kwenye picha, kunakili risiti, kusikiliza sauti na kuandika kilichosemwa, zina nafuu moja: hazikuchuji kwa umri wala kwa sabuni unayotumia. Lakini dakika zisizolipwa zipo huko pia, zimejificha kwingine. Kuna kutafuta kazi, kusoma maelekezo ya kurasa sita kwa ajili ya kazi ya senti 8, kufanya majaribio ya kufuzu bila malipo, na kufanya kazi ambayo mteja anaikataa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa kazi milioni 3.8 zilizofanywa na watu 2,676 kwenye Mechanical Turk, soko la kazi hizi linalomilikiwa na Amazon. Walipohesabu muda wote, pamoja na ule usiolipwa, waligundua kwamba nusu ya wafanyakazi walipata kama dola 2 kwa saa au pungufu, na asilimia 4 tu walivuka dola 7.25, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani. Hilo ni soko kubwa lenye jina, na wengi wa waliopimwa walikuwa na kompyuta na intaneti ya kuaminika. Tovuti isiyojulikana inayomwahidi mtu mwenye simu ya mkononi dola 50 kwa siku inadai kuwashinda wale wote.

Hata kazi inapolipa vizuri, mlango haushikwi na wewe. Remotasks ilikuwa na maelfu ya vijana wa Kenya waliokuwa wakiandaa data za kufunzia mashine, wengine wakiitegemea kwa kodi ya nyumba. Machi 2024 ilifunga shughuli zake nchini humo kwa barua pepe ya ghafla. Waliokuwa wakitoa salio lao kila linapofika kima walipoteza kazi. Waliokuwa wakiliacha likue walikuwa na la kuhangaikia zaidi.

Kwenye tovuti za kazi ndogo utakutana pia na matangazo ya kazi yanayokutaka uandike sifa za hoteli ambayo hujawahi kulala, ufungue akaunti tano za barua pepe, au utume picha ya kitambulisho ukiwa umekishika usoni. Hizo ziache. Ya kwanza ni kudanganya wateja wa watu wengine. Ya mwisho inaweza kuzaa mkopo uliochukuliwa kwa jina lako.

Hadi hapa nimezungumzia tovuti halali, zinazolipa kidogo. Utapeli ni jambo jingine, na alama yake ni moja ambayo haijabadilika: pesa zinaanza kutoka kwako. Mapema mwaka 2021 Wakenya wengi walitumbukiza akiba zao kwenye programu iliyojibandika jina la Amazon Web Worker Africa, wakilipia ngazi ili wapewe kazi za kubonyeza, kisha programu ikatoweka. Februari 2025 ilikuwa zamu ya Tanzania, polisi walipowakamata watu katika msako dhidi ya mtandao wa LBL, ambao wanachama walilipia ngazi ili watazame matangazo ya filamu na kulipwa. Mtindo unaozunguka sasa kwenye WhatsApp na Telegram ni mjanja zaidi, kwa sababu huanza kwa kukulipa kweli. Unaombwa upende video tatu, unatumiwa shilingi 150, na moyo unatulia. Siku ya pili unaingizwa kwenye kundi ambalo kila mtu anaonyesha picha za malipo yake. Siku ya tatu kuna kazi maalumu: weka 2,000, utarudishiwa 2,800. Inarudi. Kisha 10,000. Hapo salio lako kwenye ukurasa wao linaonekana nono, lakini ili ulitoe unadaiwa kodi, au umekosea hatua na lazima ukamilishe kazi nyingine. Nchini Marekani tume ya kulinda watumiaji ilipokea malalamiko takriban 20,000 ya utapeli wa aina hii katika miezi sita tu ya kwanza ya mwaka 2024, wakati mwaka mzima uliotangulia yalikuwa 5,000. Shilingi 150 zile za kwanza ni chambo, na anayezilipa ameshazijumuisha katika gharama zake.

Tovuti halali ya hojaji haikutozi ada ya kujiandikisha, wala ya kupanda ngazi, wala ya kutoa pesa zako kabla ya kuzitoa. Haina haja ya namba yako ya siri ya M-Pesa wala tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe mfupi. Kama mtu anahitaji hivyo, huna haja ya kuendelea kuchunguza.

Kwa anayetaka kuendelea na hojaji akiwa na macho wazi, kinachopunguza hasara ni saa. Chukua tovuti moja au mbili, si kumi, kwa sababu salio lililogawanyika mara kumi halifiki kima popote. Jaza wasifu kwa ukamilifu na ukweli, maana tovuti nzuri huutumia kukuchuja kabla hujaingia. Tumia barua pepe ya pembeni. Kisha kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa uliyofungua tovuti, saa uliyofunga, na kiasi kilichoingia. Usiandike dakika za hojaji ulizomaliza. Andika zote, pamoja na za kukatwa. Wiki mbili zikiisha gawanya. Ukipata shilingi 70 kwa saa, unayo namba ya kulinganisha na kuosha gari la jirani, kumfundisha mtoto wa mtaa hesabu, au kulala.

Kwa ndani ya kila hojaji, nina sheria mbili tu. Maswali ya kuchuja yakivuka dakika tano, toka. Na kabla ya kuingia gawanya malipo kwa dakika zilizotangazwa: senti 75 kwa dakika 10 ni bora kuliko dola 1 kwa dakika 30, ingawa dola moja inang'aa zaidi kwenye orodha. Salio likifika kima, litoe siku hiyo hiyo. Malipo ya kwanza ndiyo mtihani wa tovuti. Yakipita muda ulioahidiwa bila maelezo, usiipe hata dakika nyingine, na usijifariji kwamba ukiongeza dola tano watakulipa zote kwa pamoja.

Kuna upande wa biashara hii ambao vijana wengi wanaukosa kwa kuangalia simu tu. Kampuni zile zile za utafiti huhitaji watu wa kukaa kwenye mijadala ya vikundi, watu wanane au kumi mezani wakizungumzia bidhaa kwa saa mbili, na huwalipa nauli pamoja na shukrani inayozidi kwa mbali malipo ya hojaji za jioni nyingi. Huhitaji pia makarani wa kukusanya takwimu, wale ambao Tanzania huitwa wadadisi, wanaopita nyumba kwa nyumba na dodoso kwenye simu au tableti. Hao hulipwa kwa siku, hupewa mafunzo, na mwenye nyumba akikataa kujibu siku yao bado inahesabiwa. Sifa zinazotakiwa mara nyingi ni kidato cha nne au zaidi, lugha ya eneo husika, na uvumilivu wa jua. Nafasi hizo hutangazwa na vyuo vikuu, mashirika na kampuni za utafiti, nyingine hubandikwa kwenye ofisi za kata na za chifu. Peleka jina lako huko kabla ya kufungua hojaji nyingine.